Ziada ya milioni 40 isiyotumika: jinsi ya kusoma bajeti ya shirika kwa mifuko yake

Mkutano wa bodi mwezi Novemba, ajenda namba nne: bajeti ya mwaka ujao. Mhasibu anagawa karatasi moja. Juu kuna mapato, shilingi milioni 559. Chini yake matumizi, milioni 519. Mstari wa mwisho unasema ziada ni milioni 40. Wajumbe wanatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja anapendekeza wafanyakazi waongezewe posho kidogo, mwingine anauliza kama si wakati wa kununua pikipiki ya ofisi. Bajeti inapitishwa. Mwaka unaofuata, kufikia Agosti, ofisi inashindwa kulipa kodi ya pango huku benki kuna zaidi ya milioni mia.

Hakuna aliyeiba. Hesabu zote kwenye karatasi ile zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuweka fedha za namna mbili kwenye safu moja, kisha kuzijumlisha kana kwamba shilingi yoyote inaweza kulipa deni lolote. Shirika hilo ni la mfano tu, lakini tarakimu zake ni za kawaida kwa shirika la wafanyakazi tisa au kumi katika mji wa mkoa kama Morogoro au Tanga. Nitakwenda nalo hadi mwisho.

Sharti linatoka kwa mtoaji

Fedha zenye masharti ni zile ambazo mtoaji amesema zifanye kazi gani, au zitumike katika kipindi gani. Mkataba wa ruzuku ya kujenga vyoo vya shule ni mfano ulio wazi. Lakini sharti halihitaji mkataba wa kurasa 30. Ukibandika tangazo la kuomba michango ya kuchimba kisima katika kijiji fulani, kila elfu kumi inayoingia kupitia tangazo hilo tayari ina sharti, hata kama aliyetuma kwa simu hakuandika neno. Umeomba kwa ajili ya kisima, amekupa kwa ajili ya kisima. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaelewa hili bila mhasibu: michango ipo kwenye akaunti ya bwana harusi, lakini si yake ya kulipia kodi ya nyumba.

Fedha huru ni zilizobaki: ada za wanachama, michango isiyotajiwa kazi, mapato ya kukodisha ukumbi, malipo ya mafunzo ambayo shirika limeyatoa kwa wengine, na ruzuku za jumla kutoka kwa wale wafadhili wachache wanaokubali kuliamini shirika zima badala ya mradi mmoja.

Kuna kundi la tatu ambalo huwachanganya watu wengi, nalo ni fedha zilizotengwa na bodi. Bodi inaweza kukaa na kusema milioni 16 ziwekwe kando kwa matengenezo makubwa ya gari. Hiyo ni nidhamu nzuri, lakini haizigeuzi fedha hizo kuwa zenye masharti. Bodi iliyozifunga inaweza kuzifungua katika kikao kijacho. Sharti la mfadhili bodi haiwezi kulifungua hata ikikaa usiku kucha. Kwa hiyo zilizotengwa hukaa ndani ya safu ya fedha huru, na maelezo mafupi yanasema ni kiasi gani kimetengwa na kwa kazi gani.

Viwango vya uhasibu vya nchi mbalimbali vimeutambua mpaka huu kwa namna zake. Marekani, kwa mabadiliko ya mwaka 2016, mashirika yaliacha makundi matatu ya zamani na kubaki na mawili tu: mali halisi zenye masharti ya mtoaji na zisizo na masharti ya mtoaji. Uingereza wao huonyesha mifuko yenye masharti, mifuko huru, na ile ya wakfu ambayo mtaji wake hauguswi. Mashirika mengi ya Afrika Mashariki hukaguliwa kwa viwango vya kimataifa vilivyoandikwa kwa ajili ya biashara, na huko ruzuku ambayo haijatumika mara nyingi hutokea kwenye mizania kama deni, yaani mapato yaliyopokelewa kabla ya kazi. Ukikutana na mstari huo kwenye mahesabu yako yaliyokaguliwa, usishtuke kwamba shirika linadaiwa. Ni fedha zilezile zenye masharti, zimevaa nguo nyingine. Bajeti ya ndani haifungwi na mpangilio wa mkaguzi, kwa hiyo hapo unaweza kuzipa safu yao wazi.

Karatasi ileile, safu nne

Shirika letu lina wafadhili wawili. Wa kwanza anagharimia mradi mpya wa vyoo vya shule. Ataleta milioni 319 mwaka huu, lakini ujenzi utaendelea hadi mwaka unaofuata, hivyo si zote zitatumika sasa. Wa pili anagharimia mradi wa lishe, milioni 180 kwa mwaka, na kawaida yake ni kutuma fedha za robo ya kwanza mapema, mwezi Desemba. Mapato ya shirika lenyewe ni milioni 60. Gharama za ofisi, yaani mkurugenzi, mhasibu, pango, umeme, ukaguzi, bima na mlinzi, ni milioni 108.

Hii ndiyo bajeti ileile ikiwa imepangwa kwa mifuko, kwa mamilioni ya shilingi. Tarakimu zilizo kwenye mabano zinatoka.

| | Vyoo | Lishe | Fedha huru | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Salio la Januari 1 | 0 | 45 | 118 | 163 |
| Mapato | 319 | 180 | 60 | 559 |
| Gharama za miradi | (240) | (171) | – | (411) |
| Mchango wa miradi kwa ofisi | (24) | (9) | 33 | 0 |
| Gharama za ofisi | – | – | (108) | (108) |
| Ziada au nakisi ya mwaka | 55 | 0 | (15) | 40 |
| Salio la Desemba 31 | 55 | 45 | 103 | 203 |

Safu ya mwisho kulia ndiyo karatasi aliyogawa mhasibu mwezi Novemba. Ziada ya 40 ipo palepale. Lakini sasa tunaona imetoka wapi: ni 55 za vyoo ambazo kazi yake haijafanyika, zikapunguzwa na nakisi ya 15 kwenye fedha huru. Ofisi inaingia mwaka ikijua kwamba haitafika mwisho kwa mapato yake, na habari hiyo ilikuwa imefunikwa na fedha za matofali ya mwakani.

Kama Mama Mwenyekiti angeuliza swali moja tu mkutanoni, "Mhasibu, hiyo ziada ni ya mfuko upi?", kikao chote kingebadilika.

Mstari ninaopenda watu wautazame kwa muda ni ule wa nne, mchango wa miradi kwa ofisi. Ndio unaounganisha safu hizi. Mfadhili wa vyoo anakubali asilimia 10 juu ya gharama za mradi, ndiyo milioni 24. Wa lishe anatoa kiasi kilichokatwa, milioni 9, ambacho ni kama asilimia 5. Kwa pamoja wanachangia 33. Gharama halisi za ofisi ni 108 dhidi ya gharama za miradi 411, yaani asilimia 26. Pengo hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Kila mradi unaokuja na asilimia 5 kwa ofisi inayogharimu asilimia 26 unakula fedha huru za shirika, na kadiri miradi ya namna hiyo inavyoongezeka ndivyo shirika linavyozidi kuonekana kubwa huku likidhoofika. Kwenye karatasi ya safu moja jambo hili halionekani kabisa, kwa sababu mstari huo unajumlika kuwa sifuri.

Ndiyo maana pia mchango huo uandikwe kama uhamisho kati ya mifuko. Wapo wanaouandika mara mbili, kama matumizi ya mradi na tena kama mapato ya ofisi, na hapo bajeti nzima inavimba kwa milioni 33 za hewa.

Nakisi ya 15 inazibwaje

Jibu la haraka ni kukata posho na safari. Mara nyingi jibu bora liko kwenye kuhoji kama gharama zilizoitwa za ofisi ni za ofisi kweli.

Mhasibu wa shirika letu anagharimu milioni 24 kwa mwaka pamoja na michango ya mwajiri. Mradi wa vyoo ukianza, nusu ya muda wake itakwenda kwenye malipo ya mafundi, zabuni za saruji na ripoti za mfadhili huyo. Nusu hiyo, milioni 12, ni gharama ya mradi na inastahili kuingia kwenye safu ya vyoo. Gharama za mradi zinapanda kutoka 240 hadi 252, asilimia 10 inakuwa 25.2, na gharama za ofisi zinashuka hadi 96. Sasa safu ya fedha huru inasomeka: mapato 60, mchango 34.2, matumizi 96. Nakisi imeshuka kutoka milioni 15 hadi milioni 1.8.

Yapo mambo matatu ya kuangalia kabla ya kushangilia. Mfadhili lazima akubali kwa maandishi mstari huo wa mshahara, kwa sababu milioni 13.2 zinazoongezeka zitatoka kwenye bajeti yake na huenda zikapunguza matundu ya vyoo. Mhasibu lazima ajaze fomu ya mgawanyo wa muda kila mwezi, inayoonyesha saa alizofanya kwa kila mradi, na asiijaze yote siku moja kabla ya ukaguzi. Mkaguzi mzoefu anaitambua fomu ya namna hiyo kwa wino mmoja na mwandiko usiobadilika. Na gharama iliyowekwa moja kwa moja kwenye mradi haiwezi tena kuhesabiwa ndani ya ile asilimia 10 kwa mfadhili yuleyule. Kudai mara mbili ni njia ya uhakika ya kudaiwa urejeshe.

Kuhusu asilimia zenyewe, inafaa kujua kwamba hazikuandikwa kwenye jiwe. Serikali ya Marekani, kwa ruzuku zake, ilipandisha kiwango ambacho shirika lisilo na makubaliano maalumu linaweza kutoza kutoka asilimia 10 hadi 15, kuanzia Oktoba 1, 2024. Mfadhili akikuambia 5 ndiyo desturi, muonyeshe mstari wa nne wa bajeti yako na umuulize nani analipa hizo nyingine.

Akiba ni kiasi gani hasa?

Hapa ndipo maneno yanapopotosha zaidi. Tazama tena jedwali: salio la fedha huru Januari 1 ni milioni 118. Je, akiba ni 118? Au 163, jumla ya mifuko yote? Au ni kile kilichopo benki?

Tuanze na benki. Siku hiyo akaunti zote pamoja zina milioni 111. Kati ya hizo, 45 ni za lishe. Milioni 10 zinasubiri kulipwa: kodi za mishahara ya Desemba, michango ya NSSF na ankara ya msambazaji mmoja. Zimebaki 56. Bodi ilishatenga 16 kwa ajili ya gari. Zimebaki 40. Hiyo milioni 40 ndiyo akiba huru, fedha ambazo shirika linaweza kuzitumia kesho asubuhi kwa jambo lolote bila kumuomba ruhusa mtu wa nje na bila kuvunja uamuzi wake lenyewe.

Tofauti kati ya 118 na 40 ni zile 16 za gari na milioni 62 nyingine ambazo ni gari lenyewe na vifaa vya ofisi. Gari ni mali, na kwenye mizania lina thamani halali. Lakini halilipi mishahara isipokuwa uliuze, na ukiliuza hufiki tena kwenye shule. Kwa sababu hiyo thamani ya mali za kudumu zinazotumika kazini huondolewa kabla ya kutaja akiba. Uchakavu wa gari nimeuacha nje ya jedwali ili hesabu isiwe nzito; ungeingizwa, ungepunguza salio la fedha huru kwenye makaratasi bila kugusa milioni 40.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo hadi Desemba 31, tukifuata bajeti ya kwanza kabla ya marekebisho ya mhasibu, na tukichukulia kwamba madeni madogo yamebaki yaleyale. Benki inapanda kutoka 111 hadi 151. Akiba huru inashuka kutoka 40 hadi 25. Mkurugenzi anayeongoza kwa kuangalia salio la benki kwenye simu atahisi mambo yanamnyookea katika mwaka uleule ambao shirika limepoteza zaidi ya theluthi ya kinga yake.

Halafu kuna swali la miezi. Watu wanasema "tuna akiba ya miezi minne" na hakuna anayeuliza miezi ya nini. Gharama za ofisi ni milioni 9 kwa mwezi, hivyo 40 ni miezi minne na ushee. Gharama zote za shirika, pamoja na miradi, ni milioni 43.25 kwa mwezi, na kwa kipimo hicho milioni 40 ileile haifikishi hata mwezi mmoja. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inajibu: miradi ikikoma na wafanyakazi wake wakaondoka, ofisi inaweza kubaki wazi kwa muda gani ikitafuta fedha nyingine? Ya pili inajibu: wafadhili wakichelewa na sisi tukaendelea na kazi zote, tutafika wapi? Mimi huona ya kwanza ndiyo yenye maana kwa lengo la muda mrefu, na ya pili kwa onyo. Ila usiandike "miezi minne" bila kusema umegawanya kwa nini.

Kilichotokea mwanzoni mwa 2025 kiliwafundisha wengi tofauti hii kwa ukali. Januari 20 mwaka huo Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na siku chache baadaye amri za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwa mashirika, yakiwemo mengi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Waliobanwa zaidi ni wale waliokuwa na mikataba ya kurejeshewa, ile ambayo shirika linatumia kwanza kisha linadai. Katika mikataba hiyo mfuko wa mradi una salio hasi muda wote: umeshatumia, hujalipwa. Fedha iliyoziba shimo hilo ilitoka wapi? Kwenye akiba huru, kama ipo. Kama haipo, ilitoka kwenye mradi wa mfadhili mwingine.

Mradi mmoja ukimlisha mwingine

Kuazima fedha za mradi huu kulipa ule ndilo jambo linalofanyika zaidi na kusemwa kidogo zaidi katika mashirika yetu. Huanza kwa nia safi: mishahara ya lishe imechelewa kwa wiki mbili, tuazime kwenye vyoo, tutarudisha. Linaweza kuendelea miaka bila kuonekana, mradi tu fedha mpya zinaingia kabla za zamani hazijaulizwa. Siku mfadhili mmoja anaposimama, mnyororo wote unakatika.

Kipimo chake ni kifupi na mjumbe yeyote wa bodi anaweza kuomba kila robo mwaka. Chukua fedha zote zilizo benki na taslimu. Toa madeni yanayopaswa kulipwa sasa. Toa salio la kila mfuko wenye masharti. Kinachobaki kisipungue sifuri. Tuseme mwisho wa Oktoba benki ina milioni 90, madeni ni 6, na mifuko yenye masharti ikijumlishwa inatakiwa kuwa na 97. Umebaki na hasi 13. Maana yake milioni 13 ambazo wafadhili wanaamini zipo zimeshafanya kazi nyingine.

Mtego ulio ndani ya kipimo hiki ni mifuko yenye salio hasi. Ukiijumlisha pamoja na yenye salio chanya, ule wa kurejeshewa unaofika hasi 20 utaficha 20 za mradi mwingine na jumla itaonekana salama. Jumlisha yenye salio chanya peke yake. Hasi iorodheshwe kando kama fedha tunazodai, na tarehe ya kila dai.

Dalili nyingine hazihitaji hesabu. Ripoti ya mfadhili mmoja inachelewa kila mara hadi malipo ya mfadhili mwingine yaingie. Uhamisho kati ya akaunti unajazana siku tatu za mwisho wa robo. Mhasibu akiulizwa salio la mradi anakwenda kuangalia benki. Ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu salio la mradi haliko benki. Liko kwenye vitabu, na benki inaweza kuchanganya miradi mitano kwenye akaunti moja bila shida yoyote iwapo vitabu vinaitenganisha.

Kuitenganisha si kazi ya mfumo wa gharama kubwa. Kwenye QuickBooks wengi hutumia `Class`, kila mfuko ukipewa jina lake. Anayetumia Excel anahitaji safu moja ya ziada kwenye daftari la fedha, yenye jina la mfuko kwa kila muamala, na fomula hii, ambapo C ni safu ya mfuko, D fedha zilizoingia na E zilizotoka:

```
=SUMIFS(D:D,C:C,"LISHE")-SUMIFS(E:E,C:C,"LISHE")
```

Salio la kufungulia mwaka liwekwe kama muamala wa kwanza wa kila mfuko, la sivyo fomula itatoa mwendo wa mwaka tu na si salio. Na muamala usio na jina la mfuko usiruhusiwe kuingia. Malipo yaliyoachwa wazi kwa kusema "tutagawanya baadaye" hugawanywa kwa kufuata ni mfadhili gani bado ana bajeti, na hilo ndilo mkaguzi anatafuta.

Maandishi ya akiba kwenye bajeti

Baada ya jedwali, bajeti inastahili aya moja inayosema akiba bila kuzunguka. Kwa shirika letu ningeiandika hivi:

"Hadi Desemba 31, 2025 shirika lilikuwa na mifuko yenye thamani ya Sh milioni 163. Kati ya hizo milioni 45 zina masharti ya mfadhili wa lishe, milioni 62 ni gari na vifaa, na milioni 16 zimetengwa na bodi kwa matengenezo ya gari. Akiba huru ni milioni 40, sawa na miezi 4.4 ya gharama za ofisi. Lengo la bodi ni miezi 6 (milioni 54) na kiwango cha chini ni miezi 3 (milioni 27). Bajeti ya 2026 kama ilivyopendekezwa itapunguza akiba hadi milioni 25, chini ya kiwango hicho."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta maana kwenye aya nzima. Bodi haiwezi tena kupitisha bajeti kwa kutikisa kichwa. Ama inakubali kushuka chini ya kiwango chake na kuandika sababu, ama inamrudisha mkurugenzi mezani. Kwa marekebisho ya mshahara wa mhasibu akiba ya mwisho wa mwaka inakuwa milioni 38.2, na kwa kuwa ofisi sasa inagharimu milioni 8 kwa mwezi, hiyo ni karibu miezi mitano. Lengo na kiwango cha chini navyo vinahesabiwa upya, kuwa milioni 48 na milioni 24.

Miezi 6 na 3 si sheria ya mahali popote. Shirika lenye mfadhili mmoja linahitaji zaidi ya lenye sita. Lenye mikataba ya kurejeshewa linahitaji zaidi ya linalolipwa mapema. Anza na kile ambacho kingetokea mfadhili mkubwa akiondoka: notisi za wafanyakazi, kiinua mgongo, miezi iliyobaki kwenye mkataba wa pango, ukaguzi wa kufunga mradi. Jumla ya hayo ndiyo kiwango cha chini chenye mantiki. Aya hiyo iseme pia nani anaidhinisha kutumia akiba na inarudishwaje, kwa sababu akiba ambayo mkurugenzi anaweza kuigusa peke yake hudumu kidogo.

Najua hofu iliyopo: mfadhili akiona tuna akiba atasema hatuhitaji fedha zake. Wapo wanaofikiri hivyo. Lakini anayeangalia mizania isiyo na maelezo ataona 163 na kufikiri ndizo mlizonazo, wakati anayesoma aya ile anaona 40 na lengo lisilofikiwa. Maelezo yanalilinda shirika kuliko ukimya. Kinachoharibu jina ni kujificha nyuma ya fedha zilizotengwa: bodi inatenga milioni 100 kwa ajili ya "maendeleo ya baadaye", bila kazi wala tarehe, ili akiba huru ionekane ndogo. Fungu lililotengwa lisilo na mwaka wa kutumika lirudi kwenye akiba huru.

Limebaki jambo moja linalotokea mradi unapofungwa. Lishe ikimalizika na milioni 7 zikabaki, zinaendelea kuwa za mfadhili hadi aseme vinginevyo. Mwandikieni kabla ya tarehe ya mwisho ya mkataba, mkiomba ama kuongezewa muda, ama kuzitumia kwa kazi za jumla za shirika. Akikubali la pili, barua yake inaambatishwa kwenye vocha na milioni 7 zinahamishwa kwenda safu ya fedha huru kwa mstari wa peke yake, wenye tarehe ya barua hiyo. Asipojibu zinabaki kwenye safu ya lishe, hata kama mradi umekwisha na pango la ofisi linadaiwa.